Hiyo simu ya Samsung iko kwa Kiarabu: bonyeza hapa ubadili lugha

Dada, picha ya mipangilio ya simu uliyotuma nimeiona. Ni Kiarabu, na simu haijaharibika, kwa hiyo usiipeleke kwa fundi pale stendi ya Arua. Kiarabu husomwa kutoka kulia, ndiyo maana vialama vimehamia kulia na mshale wa kurudi nyuma nao uko kulia.

Kwenye picha, kuanzia juu kwenda chini, ni hivi:

البطارية – betri
التطبيقات – programu
الإدارة العامة – usimamizi wa jumla
إمكانية الوصول – ufikivu, kwa wenye shida ya kuona au kusikia
حول الهاتف – kuhusu simu

Unaloliwinda limo ndani ya mstari wa tatu. Hesabu tu: mstari mmoja juu ya ufikivu. Maandishi madogo chini yake yanaanza na اللغة, husomwa "al-lugha", neno lile lile tunalotumia sisi.

Njia nzima:

الإعدادات ← الإدارة العامة ← اللغة ← إضافة لغة

Ukianzia kulia, ya kwanza ni mipangilio, ile ya gia. Ya mwisho ni "ongeza lugha", yenye alama ya +. Hapo utapumua, kwa sababu kila lugha imeandikwa kwa maandishi yake yenyewe: tafuta English, uguse, ukiulizwa nchi chagua United Kingdom. Ukikiona Kiswahili, kichague ukipenda.

Sasa angalia vizuri, maana wengi hukwamia hapa. Kinatokea kidirisha chenye vitufe viwili. Bonyeza chenye neno افتراضي, yaani lugha ya msingi. Ukibonyeza kile kingine, English itaingia kwenye orodha lakini simu itabaki na Kiarabu chake, nawe utadhani imekataa. Ikitokea hivyo, rudi kwenye اللغة, uiguse English na uithibitishe.

Ukipotea njiani, gusa kioo cha kukuzia juu ya mipangilio, kisha nakili neno hili kutoka kwenye ujumbe huu ulibandike: لغة

Ndani ya usimamizi wa jumla kuna pia إعادة الضبط. Hiyo usiiguse! Ni kuweka upya, na mojawapo ya machaguo yake hufuta kila kitu. Kwa kuwa simu ilitumiwa na mwenzako Riyadh, ikifutwa kwa njia isiyo sahihi inaweza kudai akaunti yake ya Google kabla ya kufunguka, na hapo hata fundi atakuna kichwa.

Saa yake usiisumbue. Riyadh na Uganda hutumia saa zile zile.

Kibodi ikibaki na herufi za Kiarabu, telezesha kidole kushoto au kulia juu ya kitufe kirefu cha nafasi. Isipobadilika, nitumie picha ya skrini hiyo.