Maelekezo ya mchoro wa lebo: sosi ya pilipili "Yakuwashiani", chupa ya mililita 250

Chora lebo ya kuzungushia chupa ya kioo, na uichore kama kanga: pindo pande zote nne, mji katikati, na ukanda wa jina chini ya mji. Sosi inaitwa "Yakuwashiani". Jina limetoka kwenye usemi wa kanga, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?", na tunataka mama anayeiona chupa dukani Pangani au Tanga mjini aumalizie usemi huo kichwani mwake kabla hajainyooshea mkono.

Chupa ina kipenyo cha milimita 60, kwa hiyo mzunguko wake ni milimita 188 hivi. Lebo ina upana wa milimita 180 na kimo cha 75, ili nyuma ubaki mwanya mwembamba ambapo mnunuzi ataona kiasi cha sosi kilichobaki. Ongeza milimita 3 za kukatia kila upande. Faili zima liwe milimita 186 kwa 81, nukta 300 kwa inchi, yaani piseli 2197 kwa 957. Fanya kazi katika CMYK tangu mstari wa kwanza. Nyekundu inayowaka kwenye skrini hupooza ikigeuzwa dakika ya mwisho, na sosi ya pilipili yenye nyekundu iliyopooza haiuziki.

Rangi ziwe chache na nzito, zilale bapa kama chapa ya kitambaa, bila kivuli laini wala kufifishana. Sosi yenyewe ni ya embe na pilipili mbuzi za njano, na ndani ya kioo inaonekana rangi ya chungwa lililoiva. Usitandike rangi ya chungwa popote kwenye lebo, kwani itazama kwenye sosi. Mji uwe mwekundu mkali: magenta 100, njano 100. Pindo liwe jeusi tupu, na juu yake mapambo ya manjano ya bizari: njano 100, magenta 20. Kijani kibichi kitumike kwenye vikonyo na majani peke yake. Rangi ya tano ni nyeupe iliyokoza kidogo kama tui la nazi, na hiyo ndiyo ya sehemu za maandishi.

Katikati ya mji, upande wa mbele wenye upana wa milimita 70, weka pilipili mbuzi moja kubwa iliyopasuliwa kwa urefu. Moja tu. Tafadhali iwe pilipili mbuzi kweli: fupi, pana mabegani, imekunjamana kama mfuko uliokazwa kamba, na ncha yake imechongoka kidogo. Wachoraji wengi wakisikia pilipili huchora ile ndefu nyembamba iliyopinda, na mtu wa pwani akiiona atajua mchoraji hajawahi kuitia kwenye mchuzi. Nusu ya kushoto ionyeshe ngozi ya nje, ya njano, na michirizi miwili mitatu myeupe ya mng'ao. Nusu ya kulia ionyeshe ndani: mbegu bapa za mviringo zimeshikamana na utando mweupe chini ya kikonyo. Ukali wa pilipili umo kwenye utando huo kuliko kwenye mbegu. Basi utando ndio uwe chanzo cha mwali. Kutoka hapo zitoke ncha za manjano zenye pembe kali, zisambae mpaka zikaribie pindo, kama jua kwenye kanga za zamani.

Kwenye pindo, lenye upana wa milimita 6, tumia pambo la korosho linalojulikana na kila mvaa kanga, ila kila korosho igeuke pilipili ndogo yenye kikonyo. Katika kila pembe nne weka nusu ya embe boribo iliyochanjwa miraba. Hapo una uhuru wako; pindo ni mahali pa mchoraji kujionyesha.

Uhuru huo unaishia kwenye sehemu za maandishi. Upande wa kulia wa mtazamaji acha dirisha la milimita 45 kwa 57, rangi ya tui la nazi, tupu kabisa. Lisipitiwe na ncha ya mwali, lisiguswe na jani, wala lisiwekewe maua ya kufifia chini ya herufi. Lebo yetu ya kwanza ilikuwa nzuri ukiitazama kwa mbali, lakini viambato viliandikwa kwa nyekundu juu ya majani meusi. Mteja mmoja mwenye vidonda vya tumbo alisimama mbele ya meza yetu, akaigeuza chupa kwenye mwanga mara tatu, akatuuliza kama ina siki. Ilikuwa imeandikwa, na hakuweza kuisoma. Stika 500 tulizibandua kwa maji ya moto na kisu.

Ili ujue dirisha linabeba nini, maneno yenyewe ni haya:

"Viambato: embe bivu (41%), pilipili mbuzi (27%), siki, maji, kitunguu saumu, chumvi, sukari, bizari ya manjano. Ujazo: 250 ml. Tikisa kabla ya kutumia. Ukishafungua, hifadhi kwenye jokofu. Imetengenezwa Pangani, Tanga, Tanzania."

Viambato vimepangwa kwa uzito, kizito kwanza, na mpangilio huo usibadilishwe. Maneno haya yatapangwa baadaye kwa herufi nyeusi zisizo na mikia, na herufi "a" haitapungua kimo cha milimita 1.5. Wewe usiandike hata neno moja ndani ya mchoro, pamoja na jina la sosi. Ukanda wa jina chini ya pilipili, wa milimita 58 kwa 12, uache mtupu, mweusi, umezungukwa na mstari mmoja wa manjano.

Upande wa kushoto acha nafasi mbili. Ya kwanza ni nyeupe tupu, upana milimita 28 na kimo 40, kwa ajili ya msimbo pau. Imesimama hivyo kwa sababu chupa ni nyembamba: mistari italala kama vipago vya ngazi, ili mviringo wa kioo usiipinde mbele ya skana. Mistari itakuwa myeusi. Anayetamani kuipaka nyekundu ili ioane na mji ajue kwamba skana nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mstari mwekundu haupo. Nafasi ya pili, chini yake, ni ukanda wa milimita 45 kwa 10 wa kugongea muhuri wa toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukanda huu uwekee alama kwenye faili ili usipakwe vanishi. Wino wa muhuri haushiki juu ya vanishi. Unafutika kwa kidole.

Usichore jahazi, mnazi, machweo, wala moto wa kuni. Usichore uso wa mtu anayetoka jasho. Alama ya ubora ya TBS pia usiichore, hata kwa mfano: hutolewa kwa leseni, na itawekwa siku tutakapokuwa nayo.

Tuletee kwanza rasimu mbili za penseli, moja yenye mwali wa ncha nyembamba na moja yenye ncha nene. Tukichagua, paka rangi, kisha chapisha kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kawaida, ikate, ifunge kwa mpira kwenye chupa iliyojaa. Iweke rafuni, simama hatua tano nyuma, uone kama pilipili inakuita. Halafu sogea, uishike kwa urefu wa mkono, ukague dirisha, ukanda wa jina na nafasi mbili za kushoto kama zote zimebaki tupu.