WASIFU KAZI: OFISA UNUNUZI NA BOHARI

Kazi ninayoomba: Ofisa Ununuzi na Bohari
Uzoefu: miaka 8, kiwandani na hospitalini

Ofisa Ununuzi na Bohari, kiwanda cha vifungashio, 2021 hadi sasa

Bohari ina aina 1,240 za bidhaa: malighafi, vipuri vya mashine na vifaa vya usafi.

*Usahihi wa stoo.* Umepanda kutoka 81% hadi 97%. Kipimo ni idadi ya bidhaa ambazo leja na rafu zinalingana, gawanya kwa bidhaa zilizohesabiwa. Chanzo kikubwa cha tofauti kilikuwa vipimo: gundi ilipokelewa kwa katoni lakini ikatolewa kwa kopo, na leja haikubadilisha katoni kuwa makopo. Kingine ni vipuri vilivyotoka zamu ya usiku bila fomu ya maombi. Niliweka kipimo kimoja cha kutolea kwa kila bidhaa, nikaiwekea zamu ya usiku kabati la vipuri 60 vya dharura lenye daftari lake, na kuanza kuhesabu kwa mzunguko: bidhaa za thamani kubwa kila mwezi, za kati kila robo mwaka, zilizobaki mara mbili kwa mwaka. Bidhaa zisizotoka kwa miezi 12 zimeshuka kutoka 14% hadi 6% ya thamani ya stoo.

*Akiba.* 11.4% kwenye malighafi mwaka 2023, kwa kulinganisha bei ya kipimo kimoja ya 2022 na ya 2023 kwa kiasi kilekile, usafiri ukiwemo. Punguzo lililotokana na kununua kidogo halikuhesabiwa. Hiyo si akiba. Nusu ya akiba ya 11.4% ilitokana na mkataba wa mwaka mmoja badala ya oda za kila wiki. Manunuzi ya dharura yalipungua kutoka oda 34 kati ya 210 hadi 9 kati ya 198, baada ya kupanga upya viwango vya kuagizia kulingana na muda halisi wa mzigo kufika, si ule ulioandikwa kwenye nukuu ya bei.

*Wasambazaji.* Kutoka 46 hadi 28. Mizigo inayofika kwa wakati na ikiwa kamili: 68% hadi 91%. Kila robo mwaka msambazaji hupewa alama zake kwa maandishi: muda, ubora, ukamilifu wa mzigo. Ankara hailipwi mpaka ilingane na oda na hati ya mapokezi. Ankara zenye mgogoro zimeshuka kutoka 19 hadi 4 kwa mwezi.

Mtunza Bohari, hospitali ya vitanda 120, 2017–2021

Dawa zilizoisha muda: 5.2% hadi 1.6% ya thamani, kwa kutoa kwanza zinazokaribia kuisha muda na kukagua tarehe kila mwezi.

Elimu: Stashahada ya Ununuzi na Ugavi, 2016.
Kompyuta: Excel (`XLOOKUP`, `SUMIFS`, jedwali egemeo), leja za kielektroniki.
Notisi: siku 30.