Ukitapika na kuharisha: dawa za sukari na presha za kusimamisha kwa muda

Karatasi hii ni ya watu wazima wa kliniki ya sukari na presha. Ibandike unapoweka dawa, na wa nyumbani waisome pia, maana ukizidiwa huenda usikumbuke.

Ukiharisha mara moja tu, meza dawa kama kawaida. Ikiwa ni mara kwa mara, au maji hayakai tumboni, mwili hukauka na figo hukosa damu ya kutosha. Hapo baadhi ya dawa huzidhuru figo.

Simamisha metformin: figo zikilegea hujaa mwilini na kuleta asidi kwenye damu. Dapagliflozin na empagliflozin pia, kwani huleta asidi kali hata kipimo cha sukari kikionekana kizuri. Upande wa presha, simamisha losartan, telmisartan, captopril, enalapril, lisinopril, na dawa za kukojoza: hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, furosemide. Mwenye ugonjwa wa moyo atupigie kwanza kabla ya kuacha furosemide. Soma boksi: losartan yenye herufi H ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Diclofenac na ibuprofen usiguse. Kwa homa na maumivu, paracetamol.

Glibenclamide, gliclazide na glimepiride hushusha sukari hata kama hujala. Huli, usimeze. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kidonge cha jana kinaweza kukuangusha leo.

Insulini usiache kamwe. Tupigie tukuambie kiasi. Amlodipine, nifedipine, atenolol na bisoprolol endelea nazo, ila ukisikia kizunguzungu ukisimama, au namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, piga simu kabla ya kumeza tena.

Koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kunywa glasi moja kila baada ya kuharisha. Ukitapika, subiri dakika 10, kisha kunywa kijiko kimoja kimoja. Wengi wenye kisukari huikataa kwa kuogopa sukari yake. Ni kidogo, na ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza maji na chumvi. Mwenye moyo au figo dhaifu aulize kiasi.

Pima sukari kila saa 4. Chini ya 4, au unatoka jasho na kutetemeka huku huna mashine: vijiko vya chai 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15.

Nenda hospitali usiku huohuo ikiwa unatapika kila unachokunywa, hujakojoa kwa saa 8, unapumua haraka na kwa kina, umechanganyikiwa, choo kina damu au ni kama maji ya mchele, sukari inazidi 15 mara mbili mfululizo, au iko chini ya 4 na haipandi. Beba dawa zako zote.

Ukishakula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48, rudia dawa kwa dozi yako ya kawaida. Usifidie ulizoruka. Hali isipotulia ndani ya siku 2, njoo tupime figo kabla hujaanza tena.