Maswali sita kwa msomaji mfugaji wa kuku

Ndugu msomaji,

Miezi sita hii tumekuletea makala tatu za mashine za kutotolesha, kumbe wengi mnaotupigia simu mnauliza chakula na chanjo. Kosa ni letu: mada tumekuwa tukizipanga wenyewe mezani. Kabla ya kupanga matoleo ya Julai hadi Desemba, tusaidie kwa maswali haya. Ni kama dakika nne. Usiandike jina. Tuma namba na herufi, mfano 1B, mwisho tarehe 20 Juni.

1. Leo una kuku wangapi?
A. Sijaanza
B. Chini ya 20
C. 20 hadi 100
D. 101 hadi 500
E. Zaidi ya 500

(Mwenye kuku 15 wanaojitafutia uani na mwenye 600 wa mayai bandani hawafai makala moja.)

2. Chagua mada MBILI tu.
A. Kuchanganya chakula mwenyewe: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa
B. Kulea vifaranga wiki nne za mwanzo
C. Mdondo, gumboro na ndui: dalili na ratiba ya chanjo
D. Kutotolesha kwa tetea au kwa mashine
E. Soko na hesabu ya faida

Ukizitaka zote, taja zile mbili ambazo ungezisoma usiku huu.

3. Mara ya mwisho kuku wako walipougua au kufa, ulikwama wapi?
Jibu kwa maneno yako, hata sentensi moja. Kwa mfano: "Chupa ya chanjo ni ya kuku mia, mimi ninao 12." Hili ndilo swali tunalolitegemea kuliko yote, kwa hiyo ukichoka, ruka mengine ulijibu hili.

4. Ungependa tukuletee kwa njia gani? Chagua MOJA.
A. Makala ndefu
B. Ukurasa mmoja wa hatua, wa kubandika bandani
C. Sauti ya dakika tano
D. Video fupi (tunajua inakula bando)

5. Toleo la Mei ulilisoma?
A. Lote
B. Nusu
C. Vichwa vya habari tu
D. Sikulifungua

Anayejibu D hatuudhi hata kidogo. Akituambia na sababu, tutashukuru zaidi.

6. Daktari wa mifugo angekuwa amesimama bandani kwako sasa hivi, ungemuuliza swali gani moja?
Andika kama ungelisema kwa mdomo. Taja umri wa kuku na chanjo walizokwisha kupata, maana bila hayo daktari atakujibu kwa kubahatisha.

Mada mbili zitakazoongoza zitaanza toleo la Julai. Maswali ya namba 6 yatajibiwa Agosti. Lakini kama kuku wanakufa leo, usisubiri Agosti: mwite afisa mifugo wa kata, na usiuze wala kugawa waliobaki kabla hajawaona.

Mhariri