Maswali na majibu: kusoma picha ya grafu ya mlipuko

Picha niliyowatumia Jumatatu ni ya grafu ya kipindupindu iliyobandikwa ukutani, yenye tarehe kuanzia 3 hadi 17 Machi. Maswali yamekuwa mengi, tena ya msingi. Nawajibu wote hapa.

Nguzo moja inamaanisha nini?
Watu walioanza kuugua siku hiyo. Nguzo ya tarehe 7 inafika 14, yaani watu 14 walianza kuharisha tarehe 7. Haina maana kwamba siku hiyo wagonjwa wote walikuwa 14. Wa jana na juzi wana nguzo zao.

Kwenye simu yangu upande wa kushoto umekatika, sioni namba.
Basi usitaje idadi yoyote, omba picha nyingine. Bila namba za kushoto, nguzo ndefu inaweza kuwa ya watu 4 au 400. Hata picha ikiwa kamili, anzia pembezoni kabla ya kutazama nguzo: kichwa cha grafu, namba za wima, tarehe za chini, na siku ilipochorwa. Picha ikiwa imepigwa kwa upande, mistari huinama. Weka ukingo wa karatasi juu ya skrini uufuate mstari wa grafu wenyewe, usifuate ukingo wa simu.

Tarehe za chini ni za kuugua au za kuripoti?
Swali zuri kuliko yote. Grafu yetu imeandikwa "tarehe ya kuanza dalili", na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa ni tarehe ya kuripoti, utaona nguzo zikishuka mwisho wa wiki na kupanda Jumatatu, kumbe ugonjwa haukupumzika, waliopumzika ni waandishi wa ripoti. Ndiyo maana nawasumbua mlangoni kwa watu: usiandike siku uliyomkuta mgonjwa, muulize alianza kuharisha lini. Jibu lake ndilo linaloamua nguzo ipi iongezwe.

Tangu tarehe 14 nguzo zinashuka: 4, 3, 1, kisha hakuna. Tuwaambie watu mlipuko umekwisha?
Hapana, tafadhali sana. Nguzo za mwisho karibu kila mara huwa fupi kuliko ukweli. Mtu aliyeanza kuugua tarehe 16 huenda bado yuko nyumbani, au fomu yake iko mfukoni mwa mmoja wetu. Tazameni picha ya pili niliyotuma Alhamisi: tarehe 14 imekuwa 7, tarehe 15 imekuwa 6, tarehe 16 imekuwa 5. Siku zilezile, isipokuwa ripoti zimefika. Mimi huziziba kwa kidole nguzo tatu nne za mwisho, nikasoma zilizobaki. Siku nyingi za kusubiri ripoti, nguzo nyingi za kuziba.

Umbo la grafu linatuambia ugonjwa umetoka wapi?
Linadokeza, halithibitishi. Watu wakila au kunywa kitu kimoja kwa wakati mmoja, nguzo hupanda ghafla kisha hushuka taratibu. Chanzo kikiendelea kuwaambukiza watu, hukaa juu kwa siku nyingi. Ugonjwa wa kuambukizana mtu kwa mtu, kama surua, huweza kuleta mawimbi yanayofuatana, wimbi na wimbi likipishana wiki mbili hivi.

Sasa tazameni yetu. Ilipanda haraka hadi tarehe 7, ikashuka, halafu kuanzia tarehe 10 ikabaki kati ya 5 na 7. Dalili za kipindupindu hutokea saa chache hadi siku 5 baada ya kuambukizwa. Mkia mrefu namna hii unanitia wasiwasi kwamba maji yale ya kisima bado yanatumika, au watu wanaambukizana majumbani. Twende tukaulize, tusikisie.

Tulitia dawa kwenye kisima tarehe 9 na nguzo zikashuka. Si ndiyo sababu?
Huenda, lakini zilianza kushuka tarehe 8. London mwaka 1854, wakati wa mlipuko wa kipindupindu, mpini wa pampu ya maji ya mtaa wa Broad uliondolewa tarehe 8 Septemba ili watu wasichote maji yake, na wakati huo wagonjwa wapya walikuwa tayari wanapungua. Hatua ile ilikuwa sahihi, na yetu pia. Ila usiseme grafu imethibitisha.

Rangi mbili ndani ya nguzo moja?
Soma ufunguo. Kwetu, iliyokolea ni waliothibitishwa maabara, iliyofifia ni washukiwa. Usihesabu iliyokolea peke yake.

Nimetumiwa grafu nyingine, haishuki hata siku moja.
Hiyo ni ya jumla: kila siku inajumlisha na wa nyuma, kwa hiyo haiwezi kushuka. Ikilala sawa, ndipo hakuna wapya walioripotiwa.

Naweza kuisambaza picha hii kwa majirani?
Ya Jumatatu, hapana, imeshapitwa. Ya Alhamisi wasilisheni kwa viongozi wa mtaa mkiwa nao ana kwa ana, mkitaja tarehe ilipochorwa.