Tangazo la Kufunguliwa kwa Duka la Siagi ya Njugu, Mtaa wa Shella, Malindi

Kwa majirani zetu wa Shella, na kwa jamaa wa Barani, Maweni, Muyeye na mitaa mingine ya Malindi, tunayo furaha kuwaarifu kwamba Duka la Mama Salma litafunguliwa rasmi siku ya Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2026, kuanzia saa mbili asubuhi. Siagi ya njugu ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiifuata jikoni kwetu kwa mlango wa uani, sasa itapatikana kwa mlango wa barazani, kwa mizani, kwa risiti, na kwa bei iliyoandikwa ukutani ili asiwepo wa kuuliza bei kwa mashaka.

Duka ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Anayetoka upande wa Msikiti wa Juma na makaburi ya nguzo aingie mtaani kwa miguu, kwa kuwa tuktuk haipiti kichochoroni, kisha autafute mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani wenye benchi ndefu kando yake. Akikosa, amwulize mtoto yeyote kwa Mama Salma ni wapi.

Tunachouza ni siagi ya njugu ya kusaga nyumbani, na hatukusudii kuchanganya biashara hii na sabuni, sukari au unga, vitu ambavyo maduka ya jirani yanavyo vya kutosha. Siagi yetu ni ya namna tatu. Ya kwanza ni laini, yenye njugu na chumvi kidogo tu. Ya pili ni ya chengachenga, ambayo ina njugu zilizokatwakatwa ndani yake kwa wale wapendao kutafuna. Ya tatu imesagwa pamoja na simsim iliyokaangwa, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa mchuzi wa kisamvu au mchicha wa nazi, kwa sababu inayeyuka vizuri na haiachi madonge. Asiyetaka chumvi kabisa, labda kwa ushauri wa daktari, atasagiwa bila chumvi kwa bei ileile ilimradi aseme anapoagiza. Sukari na mafuta ya kuongeza hatutii katika namna yoyote ile.

Kwa kuwa hatutii mafuta yaliyogandishwa kiwandani ili kuishikanisha siagi, mteja atakuta mafuta ya njugu yamepanda juu ya kopo baada ya siku chache. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na siagi isiyo na kigandishi lazima ijitenge. Huko si kuharibika. Tunaomba mafuta hayo yasimwagwe. Chukua kijiko kikavu, koroga kuanzia chini kwenda juu mpaka irudi kuwa kitu kimoja, kisha ulifunike kopo vizuri. Anayeyamwaga atabaki na siagi kavu inayokwama kooni, na atatulaumu sisi bure.

Tungependa kueleza kwa urefu kidogo jinsi njugu zetu zinavyochaguliwa, kwa sababu hapo ndipo siagi nzuri inapotofautiana na siagi ya kubahatisha. Njugu ikivunwa au ikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumukuvu, ambayo ikiliwa kwa muda mrefu hudhuru ini na inaweza kusababisha saratani. Wengi hudhani kwamba moto wa kukaangia unaimaliza. Sivyo: kukaanga huipunguza tu, wala hakuwezi kuifanya njugu mbovu kuwa salama. Kwa hiyo kinga yetu inaanza kabla ya jiko. Tunanunua njugu zilizokauka hasa, ambazo ukizitikisa ndani ya maganda yake husikika zikigonga, na magunia yake tunayaweka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta na sakafu, kwa kuwa hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi na sakafu ya saruji hupitisha unyevu kutoka chini.

Baada ya kumenywa, njugu humwagwa juu ya jamvi na kuchaguliwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, mchana kweupe wala si kwa taa. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika ikaonyesha weusi ndani, zote huwekwa pembeni na kutupwa. Hatuwapi kuku wala mbuzi, kwani sumu hiyo huwadhuru wanyama pia na huweza kupita kwenye maziwa. Kazi hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayofanya bei yetu isiwe ya chini kabisa sokoni. Atakayetaka kuona macho kwa macho anakaribishwa asubuhi ya Jumapili au Jumatano, akae kwenye benchi na atazame. Aidha, kabla ya kusaga shehena yoyote mpya tunapeleka sampuli maabara, na kipimo tunachokifuata ni kile cha viwango vya Afrika Mashariki, ambacho hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa jumla katika kilo moja, na zisizidi 5 za aina ya B1. Majibu ya maabara yatabandikwa ukutani, kando ya leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula.

Kukaanga kwenyewe ni kwa karai, juu ya moto wa makaa usio mkali, na njugu hukorogwa bila kuachwa mpaka ganda jembamba lianze kupasuka na punje iwe na rangi ya dhahabu iliyokolea kidogo. Zikishapoa husuguliwa kwa viganja, zikapepetwa kwa ungo, halafu zikachambuliwa kwa mara ya pili, maana moto hufichua kasoro ambazo jicho halikuziona zikiwa mbichi. Ndipo zinapoingia mashineni.

Bei ni kama ifuatavyo. Kopo la gramu 250 ni shilingi 220, la gramu 500 ni shilingi 400, na la kilo moja ni shilingi 750. Siagi yenye simsim inaongezeka shilingi 30 kwa kila kopo, liwe dogo au kubwa. Makopo yetu ni ya kioo, na ndani ya bei hizo mna shilingi 40 za kopo lenyewe, ambazo mteja atarudishiwa akilileta zima pamoja na kifuniko chake. Anayependa kuja na chombo chake anaruhusiwa, na atalipa bei iliyopunguzwa shilingi hizo 40, ila kiwe kimeoshwa na kukaushwa kabisa, kwani tone moja la maji linatosha kuiharibu siagi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017, hivyo tafadhali njooni na vikapu.

Namna ya kuagiza tunaomba izingatiwe, kwa sababu hatusagi siagi na kuiweka rafuni ikisubiri mnunuzi. Tunasaga mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kwa kadiri ya maagizo yaliyoandikwa. Daftari la Jumatatu linafungwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na la Alhamisi linafungwa Jumanne saa hiyohiyo. Siagi ya Jumatatu inachukuliwa kuanzia Jumanne asubuhi, na ya Alhamisi kuanzia Ijumaa asubuhi. Kutakuwa na makopo machache ya ziada kwa mpita njia, lakini hatuahidi kwamba yatakuwepo. Msimu wa masika tutashikilia utaratibu huu zaidi, kwa maana siagi iliyosagwa leo na kuliwa wiki hii haiwezi kulinganishwa na ile iliyokaa mwezi mzima katika hewa ya mvua.

Agizo la kwanza linafanywa dukani, na mteja anaweza kuja mwenyewe au kumtuma mtu na karatasi yenye jina, mtaa, namna ya siagi na ukubwa wa kopo. Hapo atapewa kadi yenye namba ya simu ya duka, na kuanzia siku hiyo ataweza kuagiza kwa kupiga simu au kwa ujumbe wa WhatsApp. Namba ya kulipia kwa M-Pesa imebandikwa mezani dukani na imeandikwa kwenye kadi hiyo. Hatutaituma kwa ujumbe wala hatutawapigia kuwaeleza kuwa imebadilika. Tumeona jinsi matapeli wanavyowaibia watu kwa njia hiyo, na tunaona ni heri usumbufu wa safari moja kuliko hasara. Agizo la hadi kilo mbili hulipwa wakati wa kuchukua. Linalozidi hapo, kwa mfano la shule, hoteli au shughuli ya harusi, linahitaji nusu ya malipo kabla na taarifa ya siku tano.

Kwa wasioweza kufika, bodaboda wetu atapeleka ndani ya mji wa Malindi siku za Jumanne na Ijumaa alasiri kwa shilingi 50, na bure kwa agizo la kilo mbili au zaidi. Jamaa wa Watamu, Gede na Mambrui tutawapelekea Ijumaa tu, kwa matatu, na gharama ya mzigo ni juu ya mteja. Tafadhali awepo mtu wa kuupokea kituoni.

Siagi hii hukaa mwezi mmoja mahali pakavu pasipo na jua, na miezi mitatu katika friji, ambako huwa ngumu kidogo na kulainika tena ikitolewa. Ikinuka kama mafuta ya zamani imechacha, isiliwe. Mwenye mzio wa njugu asiitumie kabisa, na mwenye mzio wa simsim asitumie namna yoyote kati ya hizo tatu, kwa kuwa mashine ni moja. Kwa watoto wadogo walioanza kula, ikorogwe ndani ya uji mpaka iwe nyepesi. Wasipewe donge kwa kijiko kwani linaweza kuwapalia.

Siku ya ufunguzi kutakuwa na mkate, ndizi na uji kwa wote watakaotaka kuonja namna zote tatu kabla ya kuamua, na watakaoagiza siku hiyo watapunguziwa shilingi 20 kwa kila kopo, punguzo litakaloendelea hadi tarehe 30 Aprili. Baada ya siku ya ufunguzi duka litakuwa wazi kila siku isipokuwa Jumatatu, siku ya kusaga, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, na tena saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku. Alhamisi tutafungua jioni peke yake, na Ijumaa tutafunga saa tano asubuhi kwa ajili ya swala.

Karibuni nyote.

Mama Salma na wanawe
Shella, Malindi