Utambulisho wa Msafara wa Mstahiki Meya: Ziara ya Kubadilishana Uzoefu wa Usimamizi wa Taka

Mstahiki Meya mwenyeji wetu, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa Jiji na wataalamu wako, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Asanteni kwa mapokezi. Naitwa Zuhura, katibu wa msafara huu. Nimepewa dakika tano, na Mstahiki wangu ameshaniangalia mara mbili kunikumbusha, kwa hiyo kila mjumbe atapata sentensi moja. Wasifu wao umo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi nitasema mtu ni nani na anatafuta nini kwenu, ili kila mwenyeji ajue wa kuondoka naye tukitoka ukumbini. Wajumbe, ukitajwa simama, punga mkono, kaa.

Naanza na waheshimiwa, maana wataalamu wamezoea kusubiri.

Mheshimiwa Josephine, Naibu Meya, ndiye aliyeisimamia barazani sheria ndogo ya kutenganisha taka majumbani, na anataka kusikia mliwezaje kutoza faini na bado mkachaguliwa tena.

Mheshimiwa Kassim, Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira, dampo letu limo ndani ya kata yake, hivyo moshi na harufu humfikia kabla ya barua za malalamiko.

Mheshimiwa Mwanaidi, Kamati ya Fedha, atawauliza gharama ya kila kitu mtakachotuonyesha, hata kile mtakachosema ni cha bure.

Kwa upande wa watendaji, Ndugu Elia, Mkurugenzi wetu, amekuja na mikataba ya wakandarasi wa kuzoa taka na angependa kuilinganisha na yenu, kifungu kwa kifungu.

Mhandisi Neema anashughulika na maji machafu yanayochuruzika kutoka dampo, na shida yake ni kuyazuia yasifike kwenye maji ya chini ya ardhi.

Daktari Omari, Mganga Mkuu, anafuatilia taka za hospitali, hasa sindano na vyenye ncha kali, ambavyo kwetu bado huonekana vimechanganyika na taka za kawaida.

Bwana Thomas wa kitengo cha mboji amebeba kipimajoto chake mwenyewe, kwa sababu rundo lisipofika nyuzi 55 za Selsiasi na kukaa hapo siku kadhaa, vimelea vya magonjwa hubaki hai. Msishangae mkimkuta amepiga magoti mbele ya rundo lenu.

Wakili Grace, Mwanasheria wa Halmashauri, atasoma rasimu ya makubaliano kabla ya mtu yeyote kushika kalamu, wakiwemo mabosi wake.

Sasa naomba radhi, hapa sentensi moja haitanitosha. Mama Salma, simama, na tafadhali usikae upesi. Huyu ni mwenyekiti wa ushirika wa waokota taka. Kwenye orodha ya kwanza ya msafara hakuwemo. Mstahiki mwenyewe ndiye aliyeliandika jina lake kwa mkono. Chupa na makopo yanayorudi kiwandani kutoka jijini kwetu hupita kwanza mikononi mwa watu wake, wala hawamo kwenye mishahara ya mtu. Mkifunga dampo na kujenga la kisasa lenye geti, watu hawa wanakwenda wapi? Swali hilo ni lake, na ataliuliza kwa yeyote atakayekaa naye meza moja. Naomba akae na Mkurugenzi wenu. Asante, Mama.

Kijana aliye nyuma na kamera ni Baraka, Afisa Habari, ambaye hatapiga picha ya mfanyakazi wenu yeyote bila kumwomba ruhusa kwanza.

Afisa Elimu wetu ametuma udhuru, yuko kwenye mitihani. Maswali yake kuhusu taka mashuleni ninayo mimi, na nitamkabidhi mwenzake mchana.

Amebaki mmoja. Kwa kawaida kiongozi hutajwa wa kwanza, lakini yeye ndiye ameomba awe wa mwisho, ili akishasimama asilazimike kukaa tena. Mlipotutembelea mwaka jana mlimwona akiwaongoza dampo zima kwa miguu, juani, akiwaonyesha kwanza yale yaliyotushinda. Leo ni zamu yake kuuliza. Waheshimiwa, kiongozi wa msafara wetu, Mstahiki Meya Hamisi. Mstahiki, kipaza sauti hiki hapa, na umebakiwa na dakika zote nilizookoa.